Kabla ya Kidonge cha Kwanza, Pimwa Mafuta ya Damu

Kwenye benchi moja la hospitali ya wilaya wanaweza kukaa watu watatu: mama anayetumia dawa za kufubaza VVU, baba mwenye ugonjwa wa viungo aliyeandikiwa prednisoloni, na kijana aliyeanzishiwa olanzapini baada ya kuanza kusikia sauti zisizokuwepo. Kila mmoja ana daktari wake na faili lake, na hakuna sababu ya kudhani kwamba shida zao zinakutana. Lakini zinakutana kwenye damu. Baadhi ya dawa za makundi haya matatu hupandisha mafuta ya damu, nyingine kwa kiasi kidogo, nyingine kwa kiasi cha kutisha, na hupandisha bila mgonjwa kuhisi chochote.

Dawa hizi zinaokoa maisha, na sitaki msomaji yeyote amalize makala hii akiwa na wazo la kuziacha. Ninachotaka ajue ni kwamba zina kipimo chake, na kwamba kipimo chenye thamani kuliko vyote ni kile kinachochukuliwa kabla ya kidonge cha kwanza kumezwa. Hicho ndicho kinachosahaulika zaidi.

Mafuta yanayopimwa ni ya aina mbili. Kuna trigliseridi, ambayo ni nishati inayosafirishwa kutoka kwenye ini na kwenye chakula kwenda kwenye misuli na kwenye akiba ya mwili. Na kuna kolesteroli, ambayo wengi huiita lehemu. Mwili huihitaji kujenga kuta za seli na kutengeneza homoni. Kolesteroli husafiri ndani ya vichukuzi. Ile iliyo ndani ya HDL kwa kawaida haisumbui mishipa. Iliyo ndani ya LDL, pamoja na ile iliyo kwenye vichukuzi vilivyojaa trigliseridi, hupenya kwenye kuta za mishipa ya moyo na ubongo, ikajikusanya humo kwa miaka mpaka siku mshipa unapoziba. Trigliseridi ikipanda mno, hasa ikivuka 10 mmol/L, hatari nyingine huja haraka zaidi: kongosho huvimba, na maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni humpeleka mtu hospitali usiku huohuo.

Kila dawa ina njia yake. Ritonaviri, ile dawa inayoongezwa kidogo ili kuipa nguvu lopinaviri, atazanaviri au darunaviri, hulifanya ini litoe mafuta mengi zaidi, huku uwezo wa mwili wa kuyaondoa kwenye damu ukipungua. Steroidi huongeza njaa, huufanya mwili usiitikie insulini vizuri, na hulisukuma ini kutengeneza mafuta. Olanzapini na klozapini hugusa sehemu za ubongo zinazosema “nimeshiba”, na pia huvuruga insulini moja kwa moja, ndiyo maana trigliseridi inaweza kupanda hata kabla uzito haujaonekana.

Swali la kawaida ni hili: kwa nini tupime mapema wakati dawa bado haijafanya kazi? Ni kwa sababu ugonjwa wenyewe huchezea namba. VVU visivyotibiwa hushusha kolesteroli, ile ya LDL na ya HDL pia, na hupandisha trigliseridi. Mtu akianza dawa na virusi vikafubaa, kolesteroli yake hurudi juu. Sehemu ya ongezeko hilo ni mwili unaopona tu, wala si dawa inayomdhuru. Upande mwingine, mtoto mwenye ugonjwa wa figo unaovujisha protini, aliyevimba uso na miguu, huwa na kolesteroli ya juu sana hata kabla hajapewa prednisoloni, na figo zikitulia kolesteroli inaweza kushuka ingawa bado anameza dawa ileile. Bila namba ya mwanzo, mama wa VVU ataambiwa dawa imemharibu, na mtoto wa figo ataambiwa hivyohivyo, na wote wawili huenda wakawa wamedanganywa.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hatua kwa hatua. Huu ni mfano wa kufundishia, lakini namba zake ni za aina inayoonekana kliniki. Mwanamke wa miaka 47, fundi cherehani, dawa zake za mstari wa kwanza zimeshindwa kufubaza virusi. Anahamishiwa mstari wa pili wenye lopinaviri na ritonaviri. Kabla ya kuanza anapimwa: kolesteroli yote 4.6, HDL 1.2, trigliseridi 1.5, zote kwa mmol/L. Hajawahi kuvuta sigara, shinikizo lake la damu linacheza karibu na 138 kwa 86, sukari yake ni ya kawaida.

Baada ya miezi mitatu anarudi. Wingi wa virusi umeshuka hadi hauonekani, habari njema kuliko zote. Karatasi ya maabara inaonyesha kolesteroli yote 6.4, HDL 1.0, trigliseridi 5.2. Chini yake pameandikwa LDL 3.0, na mhudumu aliyechoka anaweza kuangalia hapo tu akasema, “Mama, mbona uko salama? LDL ilikuwa 2.7, sasa 3.0, si kitu.”

Hapo ndipo kosa linapojificha. Maabara nyingi hazipimi LDL moja kwa moja, huikokotoa. Huchukua kolesteroli yote, hutoa HDL, kisha hutoa trigliseridi iliyogawanywa kwa 2.2. Hesabu hiyo hufanya kazi vizuri trigliseridi ikiwa ya kawaida, lakini ikivuka 4.5 mmol/L haiaminiki tena, na huelekea kuionyesha LDL kuwa ndogo kuliko ilivyo. Dawa hizi tunazozizungumzia mara nyingi hupandisha trigliseridi kuliko kitu kingine chochote. Maana yake ni kwamba hesabu humwangusha mgonjwa pale anapoihitaji zaidi.

Njia ya kujinasua ni rahisi kiasi kwamba msomaji anaweza kuifanya mwenyewe kwa kalamu. Toa HDL kwenye kolesteroli yote. Kinachobaki ni kolesteroli yote iliyo kwenye vichukuzi vyenye madhara, iwe trigliseridi iko juu au chini, na iwe mtu amekula au hajala. Kwa fundi cherehani wetu, mwanzoni ilikuwa 4.6 kutoa 1.2, yaani 3.4. Sasa ni 6.4 kutoa 1.0, yaani 5.4. LDL ya kukokotoa ilisema hakuna kilichotokea, kumbe mzigo wenyewe umeongezeka kwa zaidi ya nusu. Watu wazima wenye hatari ya wastani ya ugonjwa wa moyo, madaktari hupenda hesabu hii ibaki chini ya 3.4 hivi.

Tahadhari ndogo kuhusu vizio. Maabara nyingine huandika kwa mg/dL, na mtu akiona 178 baada ya kuzoea 4.6 anaweza kuzimia kwa hofu. Kolesteroli ya mmol/L huzidishwa kwa 38.7 kupata mg/dL. Trigliseridi huzidishwa kwa 88.6. Kabla ya kulinganisha karatasi mbili, hakikisha zinasema lugha moja.

Turudi kwa mama. Daktari makini hamwandikii dawa nyingine siku hiyo. Kwanza anamwomba arudi asubuhi bila kula kwa saa kama kumi na mbili, kwa kuwa trigliseridi hupanda baada ya chakula na 5.2 huenda ilibebwa na chapati na chai ya maziwa. Kipimo cha pili kinatoa kolesteroli yote 6.3, HDL 1.0, trigliseridi 3.9. Imeshuka, lakini tatizo lipo kweli. Kisha anatafuta washirika: sukari, tezi ya shingo, protini kwenye mkojo, pombe, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Mara nyingi dawa hukuta mlango umeshafunguliwa na kitu kingine, na kukitibu hicho hupunguza nusu ya kazi.

Hatua inayofuata ni kuuliza kama dawa yenyewe inaweza kubadilishwa. Katika kundi lake, lopinaviri yenye ritonaviri ndiyo inayojulikana kwa kupandisha mafuta zaidi. Atazanaviri na darunaviri ni pole zaidi. Dolutegraviri, iliyomo kwenye kidonge cha TLD, ni pole kuliko zote hizo kwa upande wa mafuta. Lakini uamuzi huu ni wa kliniki, baada ya kutazama historia ya usugu wa virusi. Hakuna mafuta yanayostahili kushushwa kwa gharama ya kuamsha virusi. Mama wetu, ambaye mstari wake wa kwanza ulikuwa huohuo wa dolutegraviri, anahamishiwa atazanaviri yenye ritonaviri, na anaelezwa mapema kwamba macho yake yanaweza kuwa na umanjano kidogo ambao peke yake hauashirii kwamba ini limeharibika.

Sasa inakuja sehemu ninayoiogopa kuliko zote. Jirani mwenye nia njema anamwambia, “Dada, mimi natumia simvastatini, lehemu yangu ilishuka kabisa. Nenda duka la dawa ukachukue.” Ritonaviri kazi yake hasa ni kufunga kimeng’enya cha ini kinachovunja dawa nyingi, ili dawa ya VVU ikae mwilini muda mrefu. Simvastatini huvunjwa na kimeng’enya hichohicho. Zikikutana, simvastatini hujazana kwenye damu mara nyingi kupita kiasi, misuli huanza kuoza, na mabaki yake huziba figo. Dalili zake ni maumivu na ulegevu wa misuli mikubwa ya mapaja na mabega, na mkojo mweusi kama soda ya kola. Simvastatini na lovastatini hazitakiwi kabisa kuchanganywa na ritonaviri. Si swali la kupunguza dozi.

Zipo nyingine zinazowezekana chini ya uangalizi. Atovastatini huanzwa kwa dozi ndogo, miligramu 10, na haipandishwi ovyo. Rosuvastatini inayoambatana na atazanaviri au lopinaviri haitakiwi kuzidi miligramu 10 kwa siku. Pravastatini na pitavastatini hazina mgongano huo mkubwa. Mama wetu anaanza atovastatini miligramu 10, anapimwa tena mafuta na ini baada ya miezi miwili hadi mitatu, na anaonyeshwa hasa ni maumivu gani ya misuli yanayomtaka arudi siku hiyohiyo.

Je, kuna ushahidi kwamba jitihada hii ina faida kwa mtu mwenye VVU? Upo. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti ulioitwa REPRIEVE, uliowafuatilia watu 7,769 wenye VVU wa miaka 40 hadi 75 katika nchi kadhaa, Uganda ikiwemo. Hawa hawakuwa wagonjwa wa moyo. Hatari yao ilikuwa ndogo au ya wastani, na kwa kanuni za kawaida wengi wasingepewa dawa ya lehemu. Waliopewa pitavastatini walipata mishtuko ya moyo, kiharusi na matukio makubwa mengine ya moyo kwa uchache wa asilimia 35 wakilinganishwa na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Utafiti huo ulitikisa fikra za wengi, kwani ulionyesha kwamba kwa mtu mwenye VVU, namba ya mafuta inayoonekana nzuri haitoshi kumtuliza daktari. Uvimbe wa muda mrefu unaoletwa na virusi huharibu mishipa pia.

Wanaotumia TLD, ambao siku hizi ndio wengi, wasidhani makala haya hayawahusu. Dolutegraviri haipandishi mafuta kwa nguvu, lakini kwa baadhi ya watu, wanawake wakiwa mbele, huongeza uzito. Kwa hiyo mizani ni kipimo chao kikuu, pamoja na mafuta ya damu mara moja kwa mwaka panapowezekana. Na kama wana kisukari, kliniki inapaswa kujua kwamba dolutegraviri huongeza kiwango cha metfomini mwilini, hivyo kwa kawaida metfomini haizidishwi gramu moja kwa siku.

Upande wa steroidi, jambo kubwa ni dozi na muda. Aliyepewa prednisoloni kwa siku tano kwa sababu ya pumu hahitaji kukimbilia kupima mafuta. Anayehitaji ni yule atakayeitumia miezi: mgonjwa wa lupasi, wa viungo, wa figo, aliyepandikizwa kiungo. Huyo apimwe mafuta, sukari, shinikizo na uzito kabla ya kuanza, kisha mafuta tena baada ya kama mwezi mmoja, halafu kila miezi sita hadi kumi na miwili. HDL nayo inaweza kupanda kwa steroidi, kwa hiyo kolesteroli yote pekee humchanganya mtu. Ile hesabu ya kutoa HDL inafaa hapa pia.

Sukari ya steroidi ina tabia ya kujificha. Mtu akimeza prednisoloni saa mbili asubuhi, sukari yake hupanda mchana na jioni, kisha usiku inashuka. Akipimwa alfajiri kabla ya kula, karatasi inaonyesha kawaida, anarudi nyumbani na kisukari chake. Kipimo kinachomkamata ni cha baada ya chakula cha mchana au kabla ya chakula cha jioni. Nimeshangaa mara nyingi jinsi jambo dogo hivi linavyopitwa.

Anayetumia ritonaviri na steroidi kwa pamoja yuko kwenye njia panda ileile ya simvastatini. Dawa ya kuvuta ya pumu yenye flutikasoni au budesonidi, au sindano ya triamsinoloni ya goti, ambazo kwa mtu mwingine huathiri mwili kidogo tu, kwake zinaweza kujazana kwenye damu mpaka uso unakuwa wa duara na sukari na mafuta yanapanda. Beklometasoni ndiyo ya kuvuta iliyo salama zaidi kwake. Na wapo wasio na ugonjwa wowote wanaonunua deksamethasoni ili wanenepe, au wanaopaka krimu kali za klobetasoli ili weupe uje. Hao hawana faili wala kipimo cha mwanzo, na wakiacha ghafla baada ya wiki nyingi wanaweza kuanguka, kwa kuwa tezi zao zimesahau kutengeneza steroidi ya asili. Wanastahili kuambiwa ukweli bila kukaripiwa: njooni hospitalini mpunguziwe polepole.

Kwa dawa za akili, muda ndiyo adui. Uzito huanza kupanda ndani ya wiki chache. Klozapini na olanzapini zinaongoza. Kwetiapini, risperidoni na klopromazini, ambayo wengi huijua kama lagaktili, zinafuata. Haloperidoli na aripiprazoli ni nyepesi zaidi kwa upande huu. Mpangilio unaotumika sana ni kupima kabla ya kuanza uzito, kiuno, shinikizo, sukari na mafuta. Uzito tena wiki ya nne, ya nane na ya kumi na mbili, kisha kila miezi mitatu. Sukari na mafuta wiki ya kumi na mbili na baadaye kila mwaka.

Yule kijana wa olanzapini, tuseme alianza na kilo 58. Wiki ya nne ana 62. Nyumbani wanafurahi: amenawiri, ameanza kula, amepona. Nawaelewa kabisa, maana walimwona akikataa chakula kwa wiki nzima. Lakini kilo nne kati ya 58 ni karibu asilimia 7, na kuongezeka kwa zaidi ya asilimia 5 ndani ya mwezi wa kwanza ni ishara kwamba mtu huyu ataendelea kupanda. Huo ndio wakati wa mazungumzo, kabla hajafika kilo 80. Daktari anaweza kumhamishia dawa nyepesi zaidi kama hali ya akili inaruhusu, au kumwongezea metfomini, ambayo imeonyesha kuzuia sehemu ya ongezeko hilo. Soda na juisi za viwandani ziondoke mezani kwanza, maana dawa hizi huleta kiu na tamaa ya vitamu. Mlezi ndiye macho ya mgonjwa hapa. Yeye ndiye anayejua kwamba suruali ya mwezi uliopita haifungi.

Najua zahanati nyingi hazina kipimo cha mafuta, na penye kipimo gharama huwa juu ya mgonjwa. Kukosekana kwake kusiwe sababu ya kutopima chochote. Mizani, futi ya fundi cherehani kiunoni, mashine ya shinikizo na tone la damu kwa sukari hupatikana karibu kila mahali, na huonyesha nani apewe kipaumbele kupelekwa maabara. Pesa ikitosha kipimo kimoja tu cha mafuta kwa mwaka, basi kitumike kabla ya kuanza dawa au kubadilisha, si pale tu ambapo mambo yameshaharibika.

Kwa hiyo ukiandikiwa dawa yoyote kati ya hizi, au ukimsindikiza nduguyo anayeandikiwa, omba vipimo vyake viandikwe kwenye daftari la kliniki siku hiyohiyo, na uliza tarehe ya kurudia. Beba dawa zote unazotumia, pamoja na ya kuvuta, ya kupaka na ile ya dukani, uziweke mezani mbele ya daktari au mfamasia. Na matokeo yakija mabaya, usiache dawa; rudi kliniki.